Kabla ya Kuongeza Kasi: Jinsi ya Kutenga Mashapo Laini kwa Sentrifuji

Dondoshea matone machache ya bariamu kloraidi kwenye maji yenye salfeti, na papo hapo maji yatageuka meupe pe. Weupe huo ni bariamu salfeti, chumvi ambayo haiyeyuki kwenye maji wala kwenye asidi ya kawaida ya maabara. Asiyeijua tabia yake huchukua karatasi ya kuchujia, akaikunja kwenye faneli, akamimina, kisha akashangaa kuona kinachodondoka chini ni cheupe vilevile.

Karatasi haijatoboka. Karatasi ya Whatman namba 1, iliyozoeleka katika maabara nyingi, hukamata chembe zenye upana wa kuanzia mikromita 11 hivi. Namba 42, ambayo ina vinyweleo vidogo zaidi, huanzia mikromita 2.5. Mikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na bariamu salfeti iliyotengenezwa haraka haraka katika maji baridi hutoa chembe nyingi zisizofika hata hiyo moja. Chembe hizo hupita kwenye karatasi bila kizuizi, na zile zinazokwama huziba njia hadi uchujaji unasimama kabisa.

Hapo ndipo sentrifuji inapohitajika. Ni mashine inayozungusha tyubu kwa kasi ili mashapo yakimbilie chini na kimiminika kibaki juu kikiwa safi. Kuiwasha ni rahisi: unafunga kifuniko, unachagua kasi na muda, unabonyeza. Ugumu uko katika kujua kasi gani inatosha, kwa muda gani, na kwa nini gramu moja ya uzito iliyosahaulika upande mmoja inaweza kuitikisa mashine ya kilo nyingi hadi ihame mezani.

Chembe hushukaje

Maji ya mto yakiachwa mtungini usiku kucha, mchanga hutua kwanza, tope hufuata, na ukungu mwembamba hubaki juu hadi asubuhi. Kila chembe inavutwa chini na uzito wake, huku maji yakiipinga isipite. Chembe kubwa hushinda upinzani huo upesi. Ndogo huchelewa, tena huchelewa kuliko mtu anavyodhani, kwa sababu mwendo wa kushuka hufuata upana wa chembe kwa kipeo cha pili. Chembe yenye nusu ya upana hushuka kwa robo ya mwendo. Yenye sehemu moja ya kumi ya upana hushuka mara 100 polepole zaidi.

Tuitazame bariamu salfeti yenyewe. Ni nzito mara nne na nusu kuliko maji, kwa hiyo inayo sababu nzuri ya kuzama. Hata hivyo, chembe yake yenye upana wa mikromita moja huhitaji zaidi ya saa saba kushuka sentimita 5 ndani ya tyubu iliyosimama mezani. Chembe ya sehemu moja ya kumi ya mikromita ingehitaji karibu mwezi mzima, na kwa kweli isingetua kabisa, maana mitikiso midogo ya maji yenyewe ingeirudisha juu kila mara.

Sentrifuji haibadilishi chembe wala maji. Inachofanya ni kuiweka tyubu katika mahali ambapo kila kitu kinavutwa kuelekea kitakoni kwa nguvu kubwa mara mamia au maelfu kuliko mvutano wa dunia. Nguvu hiyo huhesabiwa kwa kipimo cha g. Mvutano wa dunia peke yake ni 1 g, na mashine ndogo ya mezani hutoa 1,000 g au 2,000 g bila shida.

Namba iliyo kwenye kioo haitoshi

Kioo cha mashine nyingi huonyesha RPM, yaani idadi ya mizunguko kwa dakika. Tatizo ni kwamba RPM peke yake haisemi tyubu inavutwa kwa nguvu kiasi gani. Nguvu hutegemea pia umbali kutoka katikati ya rota hadi kitako cha tyubu. Rota ndiyo sehemu inayozunguka na kubeba tyubu. Hesabu yake ni hii, umbali r ukiwa katika sentimita:

```
g = 0.00001118 × r × RPM × RPM
```

Chukua mashine yenye rota ya vikombe vinavyoning'inia, ambavyo hulala mlalo rota inapozunguka. Pima kwa rula kutoka katikati hadi kitako cha tyubu, kikombe kikiwa kimelazwa. Ukipata sentimita 15 na ukizungusha kwa 3,000, utakuwa na takriban 1,500 g. Chumba cha pili kuna mashine ndogo yenye umbali wa sentimita 10. Ukiiweka kwenye 3,000 ileile, utapata 1,000 g tu, yaani theluthi moja ya nguvu imepotea ingawa kioo kinasoma namba ileile. Ili ifikie 1,500 g, mashine hiyo ndogo inabidi izunguke kwa karibu 3,660.

Ndiyo maana maelekezo yanayosema "zungusha kwa 3,000 kwa dakika 10" bila kutaja rota ni nusu ya maelekezo. Mwenye kuandika ripoti nzuri huandika g, au basi RPM pamoja na umbali aliopima.

Angalia pia kwamba RPM imezidishwa kwa yenyewe. Kuongeza kasi mara mbili huongeza nguvu mara nne, wakati kuongeza muda mara mbili hukupa mara mbili tu. Kwa hiyo mkono wa mtu huvutwa na kitufe cha kasi. Lakini tumeshaona kitu kingine kinachofuata kipeo cha pili, nacho ni upana wa chembe. Chembe ikikua mara mbili, utashuhudia faida ileile ya kuongeza kasi mara mbili, na mashine haitakuwa imebebeshwa mzigo wowote.

Kwanza kuza chembe

Tuseme fundi wa maabara ana sampuli ya maji ya kisima chenye salfeti nyingi, na anataka kimiminika safi upande mmoja na mashapo yaliyooshwa upande wa pili. Kazi yake huanza kwenye jiko la maabara kabla hajaigusa sentrifuji.

Huweka sampuli kwenye bika na kuongeza matone ya asidi ya haidrokloriki, ili kaboneti iliyomo isije ikajitokeza nayo kama mashapo. Hupasha moto hadi karibu na kuchemka. Kisha hudondoshea bariamu kloraidi iliyozimuliwa, nayo ikiwa ya moto, tone baada ya tone huku akikoroga. Bariamu kloraidi ni sumu ikimezwa, kwa hiyo huvaa glavu na havuti pipeti kwa mdomo. Mashapo yenyewe hayana hatari hiyo kwa kuwa hayayeyuki. Hospitalini wagonjwa hunyweshwa bariamu salfeti safi kabla ya picha za eksirei za tumbo.

Moto na utaratibu wa matone vina sababu. Kemikali zikikutana kwa wingi katika maji baridi, chembe nyingi mno huzaliwa kwa mkupuo na hakuna inayopata nafasi ya kukua. Zikikutana kidogo kidogo katika maji ya moto, chembe chache huzaliwa, na kila salfeti inayofuata hujishikiza kwenye zile zilizokwisha kuwapo. Baada ya hapo fundi huiacha bika ikiwa ya moto, bila kuchemka, kwa saa moja hivi. Katika muda huo chembe ndogo kabisa huyeyuka polepole na vilivyoyeyuka huenda kunenepesha zile kubwa. Ukiangalia bika pembeni utaona weupe uliokuwa umetanda kote ukianza kujikusanya chini, na juu panaanza kung'aa.

Sasa hesabu ya muda inakuwa na maana. Tyubu yake ina kimiminika cha kina cha sentimita 5, kutoka sentimita 10 hadi 15 za umbali wa rota. Kwa 3,000, chembe ya mikromita moja iliyoanzia juu kabisa hufika kitakoni kwa sekunde 20 hivi. Ya mikromita 0.2 huhitaji karibu dakika 9. Ya mikromita 0.1 huhitaji dakika 35. Fundi aliyekuza chembe zake anaweza kuweka dakika 10 na kupata kimiminika safi. Aliyezitengeneza kwa haraka atahitaji zaidi ya nusu saa, na hata akipandisha hadi 4,000 bado atasubiri dakika 20. Hesabu hizi zinachukulia chembe kuwa za mviringo na zisizosongamana, kwa hiyo ni za kuanzia tu. Muda nao huhesabiwa tangu mashine ifikie kasi iliyochaguliwa, si tangu kitufe kibonyezwe.

Mizani kabla ya rota

Nguvu ile inayovuta mashapo huvuta pia tyubu, kifuniko chake na kimiminika chote. Kama pande mbili za rota zina uzito sawa, mivuto hiyo hufutana. Zikitofautiana, tofauti huzidishwa. Katika mashine yetu, gramu moja iliyozidi upande mmoja huuvuta mhimili kama mzigo wa kilo moja na robo, na mvuto huo hugeuka upande mara 50 kila sekunde. Kwa kasi ya 4,000, gramu ileile huwa zaidi ya kilo mbili. Kasi inayosaidia mashapo kushuka ndiyo hiyohiyo inayokuza kosa la mizani, na kwa kipeo kilekile.

Kosa linalotokea zaidi ni kulinganisha kwa macho. Mtu huweka sampuli hadi mstari wa mililita 7, kisha huweka maji hadi mstari huohuo kwenye tyubu ya pili, na kuridhika. Ikiwa sampuli ni maji ya chumvi yaliyokolea kabisa, mililita 7 zake zina uzito wa gramu 8.4 hivi, na maji yana gramu 7. Tofauti ya gramu 1.4 huwa mvuto wa karibu kilo moja na robo tatu. Mistari imelingana lakini uzito haukulingana.

Njia bora kwa mashapo ni kuigawa sampuli yenyewe. Fundi wetu huiacha bika ipoe, huikoroga vizuri ili mashapo yasibaki chini, kisha hugawa katika tyubu mbili za plastiki za aina moja. Huweka bika tupu juu ya mizani, husimamisha ndani yake tyubu ya kwanza pamoja na kifuniko chake, na husoma uzito. Huitoa, huweka ya pili, kisha kwa pipeti huongeza au kupunguza tone kwa tone hadi tofauti iwe chini ya gramu 0.1, au chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Kwa kugawa sampuli moja hupata faida ya pili: mashapo yanaposhuka, hushuka pande zote mbili kwa pamoja. Tyubu ya maji peke yake ingeanza ikiwa sawa kwa uzito, lakini mashapo mazito yakishajikusanya kitakoni upande wa pili, mvuto wa upande huo ungezidi.

Tyubu mbili huwekwa zikitazamana kabisa kupitia katikati ya rota. Tyubu tatu zinaweza kukaa kwenye rota ya matundu sita, katika tundu la 1, la 3 na la 5, mradi zote tatu zina uzito sawa. Kwenye rota ya matundu manane hilo halitawezekana, kwa hiyo unaongeza tyubu ya nne ya kusawazisha. Vikombe vinavyoning'inia lazima viwe vyote mahali pake hata kama viwili ni vitupu, na vile vinavyotazamana viwe ni jozi. Angalia pia mpira mdogo unaokaa kitakoni mwa kikombe. Ukidondoka kwenye kikombe kimoja bila mtu kuona, umebadilisha uzito na tyubu inakaa juu ya chuma kitupu.

Neli za majaribio za kioo cha kawaida haziingizwi humu. Tumia tyubu zilizotengenezwa kwa sentrifuji, zilizoandikwa kiwango chake cha g, na zichunguze kwenye mwanga kwanza. Ufa mdogo kama wa nyota kwenye kitako unatosha kuitupa tyubu. Usijaze zaidi ya robo tatu. Vimiminika vinavyowaka kirahisi kama etha visiingie kwenye mashine ya kawaida, kwa sababu mota inaweza kutoa cheche na mvuke ukashika moto.

Dakika ya kwanza

Ukishabonyeza kitufe, usiondoke. Mashine nyingi hutikisika kidogo zinapopita kasi ya chini, kisha hutulia. Hiyo ni kawaida yake. Mtikiso usiotulia, mlio wa kugonga, au mashine kuanza kusogea ni amri ya kuizima. Acha isimame yenyewe, chomoa waya, kisha pima tyubu upya. Usiishike kwa mikono ili kuizuia isihame, na usifungue kifuniko wala kugusa rota inayozunguka, hata ikiwa imebakiza mizunguko michache. Mashine kuukuu ambazo kufuli ya kifuniko imekufa ndizo zinazohitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa hakuna kinachokukataza isipokuwa wewe mwenyewe.

Tyubu ikivunjika ndani, subiri rota isimame kabisa, chomoa waya, vaa glavu nene na uokote vipande kwa koleo ndogo. Ikiwa sampuli ilikuwa damu, makohozi au kitu kingine chenye vimelea, kifuniko kibaki kimefungwa kwa nusu saa kwanza ili matone yaliyotanda hewani yatue.

Mwisho wa mzunguko nao una siri yake. Mashapo laini hulala chini bila kushikana vizuri, na breki kali huyakoroga na kuyainua tena. Kama mashine ina swichi ya breki, izime na uiache rota ipunguze kasi polepole. Kwenye rota ya pembe, ambamo tyubu hukaa imeinama, mashapo hukusanyika kwenye ukuta wa nje na si katikati ya kitako. Weka alama ya kalamu upande wa nje kabla ya kuanza, ili baadaye uingize pipeti upande wa pili na kunyonya kimiminika bila kuyagusa.

Kimiminika kikitoka na ukungu

Inua tyubu mbele ya kitu cheusi na upitishe mwanga wa tochi kutoka pembeni. Kimiminika safi hakionyeshi njia ya mwanga. Ukiona mwale umechoreka ndani, bado kuna chembe. Wengi hapa hukimbilia kasi, ilhali chanzo mara nyingi kiko kwingine.

Ukungu unaotokea baada ya kimiminika kukaa kidogo huenda ni mashapo mapya. Jaribu kwa kudondoshea tone moja la bariamu kloraidi kwenye kimiminika cha juu kilicho safi. Kikigeuka cheupe, ujue salfeti ilikuwa haijaisha. Hapo hakuna kasi itakayosaidia; unarudi kwenye bika na kuongeza kemikali.

Kama mzunguko wa kwanza ulitoa kimiminika safi na ukungu ukaanza wakati wa kuosha, basi tatizo ni maji ya kuoshea. Chumvi iliyokuwamo ndiyo iliyozifanya chembe zishikane. Ukiiondoa yote kwa maji matupu, baadhi ya mashapo huachana na kuelea upya. Tabia hii huonekana zaidi kwa kloraidi ya fedha, na ndiyo sababu yenyewe huoshwa kwa asidi ya nitriki iliyozimuliwa sana badala ya maji matupu.

Ikiwa sababu hizo zote mbili hazipo, chembe zako ni ndogo. Rudisha mashapo kwenye moto kwa saa moja, kisha zungusha tena. Kama haiwezekani, ongeza muda. Kasi huja mwisho, na hapo husomwa namba mbili: kiwango kilichoandikwa kwenye tyubu na kile kilichochongwa kwenye rota. Kilicho kidogo ndicho kinachotawala.

Kiwango cha rota nacho hakidumu milele. Alumini huchoka kwa kila mzunguko, na chumvi, asidi au magadi yaliyomwagika huila kidogo kidogo. Mnamo Desemba 16, 1998, katika Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, rota kubwa ya alumini ya mashine ya kasi kubwa sana ilipasuka ikiwa inazungusha sampuli za maziwa. Kazi hiyo ilikuwa imefanywa nayo mara nyingi kabla. Mashine iliharibika kabisa, vifaa vya jirani vikavunjika na madirisha yakapasuka, ingawa hakuna aliyeumia. Mashine ya mezani haina nishati kama hiyo, lakini chuma chake huliwa vilevile na bariamu kloraidi iliyoachwa ikauke kwenye kikombe. Kwa hiyo baada ya kazi vikombe huoshwa kwa maji, hukaushwa na kuachwa vimepinduliwa. Ukiona vishimo, madoa meupe ya kutu au mstari mwembamba wa ufa, rota hiyo haipunguziwi kasi ili iendelee kutumika. Inatolewa kazini.